Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kukataa kazi yenye mshahara mnono bila kumpoteza wakala wa ajira

Maswali yaliyomo hapa yanahusu hali moja tu: wakala wa ajira amekuletea nafasi inayolipa vizuri kuliko unayoishikilia sasa, umeichunguza, umeona haikufai, na unataka kuikataa kwa namna ambayo wakala huyo atakupigia tena siku nyingine. Ili majibu yasielee hewani, nitamfuata mhasibu mmoja wa Dar es Salaam mwenye CPA, anayelipwa shilingi 4,200,000 kwa mwezi kabla ya makato, ambaye wakala amemletea nafasi ya umeneja wa fedha katika kampuni ya ukandarasi inayohudumia migodi mkoani Geita kwa shilingi 6,500,000. Mhasibu huyu ni wa kutunga, lakini hakuna kipande cha kisa chake ambacho sijakikuta katika miaka niliyofanya kazi ya uwakala.

Wakala analipwa na nani, na kukataa kwangu kunamgharimu nini?

Wakala analipwa na mwajiri, na ada yake kwa kawaida ni asilimia fulani ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa mtu atakayeajiriwa. Tuseme wamekubaliana asilimia 15. Mshahara wa 6,500,000 kwa miezi 12 ni shilingi 78,000,000, na asilimia 15 yake ni shilingi 11,700,000. Mawakala wengi hawapati hata senti ya fedha hizo mpaka mtu asaini mkataba, na wengine mpaka aripoti kazini.

Ukiishia kwenye hesabu hiyo utadhani kukataa kwako ni kumnyang'anya mtu tonge mdomoni, na ndiyo sababu watu wengi huona haya kusema hapana. Lakini mkataba kati ya wakala na mwajiri huwa na kipengele kingine ambacho mtahiniwa haoni: mtu akiacha kazi ndani ya muda fulani, mara nyingi miezi mitatu, wakala anapaswa kumtafuta mwingine bila malipo mapya, au kurudisha sehemu ya ada. Kwa hiyo anayekubali kwa shingo upande na kuondoka baada ya wiki saba amemtia wakala hasara kubwa kuliko aliyekataa mapema, kwa sababu kazi inaanza upya, ada haiongezeki, na mwajiri amekwisha kununa.

Kinachomuumiza wakala hasa ni vitu viwili, muda na uso wake mbele ya mteja. Nyuma yako karibu kila mara yupo mtahiniwa wa pili ambaye hajaambiwa amekosa, anashikiliwa kwa maneno ya upole wakati wewe unafikiri. Kila siku unayokaa kimya, mtu huyo anapoa, na wakala anaendelea kumwambia mteja kwamba jibu lako liko njiani. Ukilielewa jambo hili, majibu mengine yote yaliyo hapa chini yatakuwa rahisi.

Ikiwa aliyekutafuta ni afisa rasilimali watu wa kampuni yenyewe, hana ada ya kupoteza, lakini ana mkuu wa idara anayemuuliza kila asubuhi amefikia wapi. Mwenendo wako kwake uwe uleule.

Nitajuaje kwamba kazi hainifai kweli, ilhali fedha ni nyingi hivi?

Anza kwa kujua fedha ni kiasi gani. Nyongeza ya mhasibu wetu kwa karatasi ni shilingi 2,300,000 kwa mwezi. Mchango wake wa NSSF wa asilimia 10 unachukua 230,000, na kinachobaki, yaani 2,070,000, chote kinaangukia kwenye kiwango cha kodi cha asilimia 30, kwa kuwa mshahara anaopata sasa umeshavuka shilingi milioni moja. Kodi ni 621,000, na nyongeza inayofika mkononi ni 1,449,000. Kama bado anarejesha mkopo wa elimu ya juu kwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi, na tuseme mshahara wote ni wa msingi, anapungukiwa 345,000 nyingine na kubaki na 1,104,000. Bado ni fedha nzuri, lakini si ile milioni mbili na ushee inayotajwa mezani nyumbani, na ni vyema kuijua kabla ya mama mkwe kuuliza ni mwendawazimu gani anayekataa milioni sita.

Baada ya hapo igeukie kazi yenyewe. Tangazo lilisema meneja wa fedha atasimamia taarifa za fedha na bajeti. Katika usaili wa pili, mhasibu wetu aligundua kwamba karibu maswali yote yalihusu bohari, mafuta ya mitambo na mishahara ya vibarua, na alipouliza nani anaandaa taarifa za fedha za mwaka, akajibiwa kwamba zinaandaliwa makao makuu nje ya nchi. Aliuliza pia nafasi imekuwa wazi kwa nini, akaambiwa kwamba wamepita watu watatu katika miaka miwili. Zaidi ya hayo, ratiba ni wiki sita kambini na wiki mbili nyumbani. Yeye anakusudia kuwa mkuu wa taarifa za fedha katika benki au kampuni ya bima, na miaka miwili ya kuhesabu lita za dizeli haimsogezi huko hata hatua moja.

Sasa tenganisha yanayorekebishika na yasiyorekebishika. Ratiba ya wiki sita kwa mbili inaweza kujadiliwa ikawa nne kwa mbili. Posho ya nyumba inaweza kuongezwa. Cheo kinaweza kubadilishwa. Lakini mahali zinapoandaliwa taarifa za fedha hapabadiliki kwa sababu ya mtahiniwa mmoja. Nasisitiza jambo hili kwa sababu hakuna kinachomkera wakala kama mtu aliyekataa kwa sababu ya ratiba bila kumwambia kwamba ratiba inamsumbua, ilhali simu moja kwa mteja ingeimaliza. Ikiwa tatizo lako ni la aina hiyo, hujafika kwenye kukataa. Bado uko kwenye majadiliano, na unapaswa kumpa wakala nafasi ya kufanya kazi yake.

Nikatae lini?

Siku uliyojua, au kesho yake asubuhi. Uzito wa kukataa unaongezeka kwa kila hatua, na hauongezeki sawasawa.

Kabla wasifu wako haujapelekwa kwa mteja, kukataa hakuna gharama yoyote. Hata ukisema “Hii siyo” dakika kumi baada ya kusikia maelezo, wakala mzoefu atakushukuru. Baada ya usaili wa kwanza ni jambo la kawaida kabisa, kwa kuwa usaili upo ili pande zote mbili zichunguzane. Baada ya usaili wa mwisho mambo yanaanza kuwa mazito, kwani mteja ameshakuweka kwenye hesabu zake. Ofa ikishatolewa kwa mdomo, mtahiniwa wa pili yuko ukingoni mwa kuambiwa pole. Ofa ikishaandikwa, mkurugenzi ameshatia saini, na pengine ameilalamikia bajeti ili mshahara wako upite.

Mhasibu wetu alijua mwisho wa usaili wa pili, siku ya Jumanne, kwamba kazi si yake. Kosa ambalo wengi hulifanya hapo ni kungoja ofa itoke “nione wataweka ngapi.” Kungoja huko kunaonekana hakuna madhara, lakini ndiko kunakomfanya wakala apigane na mteja kuhusu mshahara wa mtu ambaye hakuwa na nia. Akija kuligundua, na mara nyingi hugundua kwa sababu sababu unazozitoa zilikuwepo tangu usaili, ataandika kwenye kumbukumbu zake kwamba ulikataa baada ya ofa. Maelezo hayo mafupi yanakaa kwenye mfumo wake miaka mingi, na wenzake ofisini huyasoma hata baada ya yeye kuhama.

Ikiwa unahitaji muda wa kweli wa kufikiri, omba muda wenye mwisho. “Naomba hadi Alhamisi saa nne asubuhi, nizungumze na mwenzi wangu kuhusu kuhamia Geita” ni ombi linaloheshimika, kwa sababu wakala anaweza kulipeleka kwa mteja kama lilivyo. “Nitakujulisha” haipelekeki popote.

Nipige simu au niandike?

Piga simu kwanza, kisha andika siku hiyohiyo. Simu inampa nafasi ya kuuliza na kukusikia sauti. Maandishi yanampa kitu cha kuweka kwenye faili na cha kumwonyesha mteja. Kama ndiyo kwanza amekutumia ujumbe wa kukueleza nafasi, ujumbe wa kujibu unatosha, na simu ingekuwa kumpotezea muda.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji kuzidi dakika tano. Mhasibu wetu alipiga Jumatano saa tatu asubuhi, wakati ambao wakala bado ana siku nzima ya kumtafuta mtahiniwa wa pili:

“Kaka, shikamoo. Nimepiga kukupa jibu mapema kuhusu nafasi ya Geita. Nimeamua kutoendelea, na nimeona ulisikie kwangu leo kabla hawajaandaa ofa.”

“Marahaba, dada. Duh! Walikupenda sana wale. Tatizo ni mshahara?”

“Mshahara hauna neno, na nakushukuru kwa jinsi ulivyonipigania. Jambo lenyewe ni kwamba taarifa za fedha zinaandaliwa makao makuu, na kazi ya hapa ni bohari na mishahara ya vibarua. Mimi nataka kubaki kwenye taarifa za fedha.”

“Sawa, hilo nimelielewa. Nikiwaambia wabadilishe majukumu?”

“Sidhani kama wataihamisha kazi hiyo kutoka makao makuu, na sitaki uwaombe jambo ambalo nitalikataa tena. Mchana huu nitakuandikia ili uwe na maneno ya kuwapelekea.”

Angalia kwamba uamuzi umetajwa mara tu salamu zilipokwisha. Kwetu ni desturi kuzunguka mbuyu, kuulizia watoto, hali ya hewa na foleni ya Mbagala, na kulileta jambo zito mwishoni. Salamu zibaki, maana bila salamu hakuna heshima, lakini baada ya salamu jambo lije. Wakala aliyezungushwa dakika nane huwa ameshaanza kutumaini.

Kwa nini nisiseme tu “tutaona” na kuliacha lijifie lenyewe?

Kwa sababu baina ya ndugu na majirani “tutaona” inaeleweka kuwa ni hapana ya kistaarabu, lakini wakala analipwa ili asiielewe hivyo. Yeye akisikia “tutaona” anaandika kwamba mtahiniwa bado anafikiri, na mteja anaambiwa asubiri. Siku ya tisa anapogundua kwamba simu hazipokewi, ustaarabu wako umegeuka kuwa kero aliyobebeshwa yeye.

Niseme pia kuhusu visingizio. Msiba wa uongo, mama mgonjwa wa kubuni na safari isiyokuwepo ni vitu ambavyo mawakala huvisikia kila mwezi. Ukiacha suala la maadili, kisingizio kina kasoro ya kiufundi: kinaisha. Mama anapona, na wakala anakupigia baada ya wiki tatu kukuuliza kama sasa unaweza kwenda Geita.

Sababu ipi niitaje, na kwa kina kiasi gani?

Taja sababu moja, ya kweli, inayohusu kazi, na ambayo wakala anaweza kuipeleka kwa mteja bila kuona haya na kuitumia yeye mwenyewe siku nyingine. Sababu ya namna hiyo inafanya kazi mbili kwa wakati mmoja. Kwa mteja, inamwonyesha kwamba wakala hakuleta mtu asiyejua anachotaka. Kwa wakala, inaeleza ni nafasi ipi akuletee.

Linganisha namna tatu za kulisema jambo lilelile. “Haikunipendeza” haimsaidii mtu yeyote. “Kampuni ile ina vurugu, watu watatu wamekimbia ndani ya miaka miwili” huenda ni kweli, lakini ni tuhuma, na wakala hawezi kuipeleka kwa mteja anayemlipa. Ataibadilisha njiani, na atajua kwamba ulimtwika kazi hiyo. “Nataka nafasi ambayo taarifa za fedha za mwaka zinaandaliwa na kusimamiwa na idara yangu” inapelekeka ilivyo, na wakala akiifungua orodha yake wiki ijayo na kukuta benki inatafuta mkuu wa taarifa za fedha, jina lako ndilo litakalomjia.

Hilo la watu watatu lisipotee kabisa. Kama uhusiano wenu unaruhusu, liseme kwa mdomo kama swali badala ya hukumu: “Je, mteja amekueleza waliotangulia waliondoka kwa nini? Naona mtahiniwa anayefuata ataliuliza pia.” Wakala makini atakushukuru, maana kipindi chake cha dhamana ya miezi mitatu kiko hatarini na pengine hakuwa na habari.

Ikiwa sababu yako ni ya nyumbani, kwa mfano mtoto anayeingia darasa la saba au mzazi unayemuuguza kweli, huna haja ya kufungua mlango wa chumbani. Sema kwamba kwa miaka miwili ijayo unaweza kufanya kazi zilizoko Dar es Salaam tu. Huo ni mpaka ulio wazi, na wakala anaweza kuuandika kwenye mfumo wake kama ulivyo.

Barua pepe aliyoituma mhasibu wetu mchana ule ilikuwa hivi:

“Habari za mchana, Kaka. Kama tulivyozungumza asubuhi, nimeamua kutoendelea na nafasi ya meneja wa fedha mkoani Geita. Nawashukuru wewe na kampuni kwa muda wenu, hasa kwa jinsi walivyojibu maswali yangu kwa uwazi katika usaili wa pili. Baada ya kuyaelewa majukumu, nimeona nafasi imejengwa zaidi juu ya udhibiti wa bohari na mishahara, ilhali ninakotaka kuelekea ni kwenye uandaaji na usimamizi wa taarifa za fedha. Naamini watampata mtu anayeyataka majukumu hayo, na atawafaa kuliko mimi. Kwa siku zijazo, ningependa kusikia kuhusu nafasi za taarifa za fedha katika benki au bima, Dar es Salaam, kuanzia shilingi 5,000,000. Muda wangu wa notisi ni siku 28. Wako katika kazi.”

Sentensi mbili za mwisho kabla ya kuaga ndizo zilizo na thamani kubwa kuliko zote, na ndizo ambazo watu huzisahau. Shukrani inafunga jambo vizuri, lakini aina ya kazi, mahali, mshahara wa kuanzia na muda wa notisi ndivyo vinavyomwezesha wakala kukutafuta. Angalia pia kwamba 5,000,000 ni pungufu ya ofa iliyokataliwa, na kwamba kuitaja hakumshushi hadhi. Kunamthibitishia wakala kwamba aliposema mshahara hauna neno hakuwa akitega kupandishiwa dau.

Mwajiri akiongeza fedha baada ya mimi kukataa, nifanyeje?

Jiulize swali hili kabla ya kupiga simu ya kukataa. Ikiwa kipo kiwango ambacho kingekufanya ukubali, basi suala lako ni fedha, na unapaswa kulisema hivyo: “Kwa majukumu haya na ratiba hii, ningekubali kwa 8,000,000.” Wakala anajua namna ya kulibeba hilo. Ukisema kwamba sababu ni aina ya kazi, kisha ukakubali walipoongeza 700,000, wakala atapata ada yake na kutabasamu, lakini amejifunza kwamba hapana yako ni bei. Safari ijayo hatakuamini utakapokataa kwa dhati.

Mhasibu wetu aliletewa habari Ijumaa kwamba kampuni iko tayari kufika 7,200,000. Jibu lake lilikuwa fupi: “Nashukuru, na naomba uwafikishie shukrani zangu. Sababu niliyokupa Jumatano haikuwa fedha, kwa hiyo jibu langu ni lilelile.” Wakala akisukuma kwa mara ya pili, anafanya kazi yake. Akisukuma kwa mara ya nne, au akikuambia kwamba umemharibia jina, hapo una habari muhimu kuhusu wakala mwenyewe, na si kila uhusiano unastahili kuhifadhiwa. Wakala anayekuomba wewe fedha ili akupeleke kwa mwajiri simhesabu kabisa katika mjadala huu.

Nimeshakubali kwa mdomo, au nimeshasaini. Je, bado naweza kukataa?

Unaweza, lakini uelewe kwamba gharama imebadilika. Ukiwa umekubali kwa mdomo tu, unavunja ahadi na huenda hujavunja mkataba. Piga simu ndani ya saa hiyohiyo uliyobadilisha mawazo, kiri waziwazi kwamba ulikubali na sasa unarudi nyuma, na usitafute wa kumlaumu. Uhusiano na wakala huyo utapoa kwa muda, na barua nzuri haitaliondoa hilo.

Ukiwa umesaini, soma mkataba kabla ya kusema lolote, hasa kipengele cha notisi na tarehe ya kuanza. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaweka notisi isiyopungua siku 7 ikiwa inatolewa ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi, na siku 28 baada ya hapo kwa anayelipwa kwa mwezi. Mkataba unaweza kuweka muda mrefu zaidi, na kwa nafasi za umeneja mara nyingi unaweka. Kama umelipwa chochote cha kuhamia, jiandae kukirudisha.

Wapo wanaotumia ofa iliyosainiwa kumtisha mwajiri wa sasa ili aongeze mshahara. Sitawafundisha namna ya kuifanya kwa upole, kwa kuwa hakuna upole ndani yake: wakala na mteja wamegeuzwa fimbo ya kumchapia mtu mwingine, na mji wa wahasibu ni mdogo.

Je, nimjulishe mwajiri mwenyewe moja kwa moja?

Kama uliletwa na wakala, hapana. Jibu lipite kwake. Anaweza kukuomba umwandikie meneja aliyekusaili ujumbe wa shukrani, na hapo mwandikie mistari miwili bila kueleza sababu upya, maana sababu mbili zilizoandikwa kwa maneno tofauti huzaa maswali.

Kuna sababu nyingine ya kutomruka wakala. Mkataba wake na mteja kwa kawaida humpa haki ya kudai ada ikiwa mteja atamwajiri mtahiniwa aliyeletwa naye ndani ya kipindi fulani, mara nyingi kati ya miezi 6 na 12, hata kwa nafasi tofauti. Ikiwa kampuni ya Geita itakupigia baada ya miezi minne kukupa nafasi ya Dar es Salaam, mwambie wakala siku hiyohiyo. Usipomwambia, ankara yake itamfikia mteja baadaye, na atakayetazamwa kwa jicho baya ofisini ni wewe uliye mgeni.

Nimpendekeze mtu mwingine?

Ni zawadi nzuri ikiwa mtu huyo anafaa kweli, na ni mzigo ikiwa unamtaja binamu ili kupunguza aibu yako. Muulize mhusika kwanza, mweleze kazi kama ilivyo, pamoja na wiki sita za kambini, na usitoe namba yake ya simu mpaka akubali. Mhasibu wetu alimkumbuka mwenzake wa zamani aliyekuwa mdhibiti wa bohari katika kiwanda cha saruji na aliyekuwa akilalamikia mshahara. Akampigia, akapata ruhusa, kisha akamwandikia wakala jina na mstari mmoja wa sababu. Zaidi ya hapo hakuingilia.

Baada ya kukataa, niwasiliane naye kila baada ya muda gani, na niseme nini?

Wiki mbili za kwanza muache, kwa kuwa bado anahangaika na nafasi ileile. Baada ya hapo, mara moja kila baada ya miezi mitatu au minne inatosha, na kila ujumbe uwe na kitu ndani yake. “Nakusalimia tu, kaka” ni ujumbe mzuri kwa rafiki, lakini wakala mwenye majina mia tatu kwenye mfumo wake hana la kufanya nao. “Nimemaliza kusimamia ukaguzi wa mwaka na sasa naongoza watu wanne badala ya wawili” unambadilishia taarifa zako. “Nimesikia benki fulani inaunda upya idara ya fedha, huenda wakahitaji watu” unaweza kumletea mteja, mradi habari hiyo si siri ya mwajiri wako. Akikuuliza maswali kuhusu soko la wahasibu, au kama unamfahamu mtu wa nafasi fulani, jibu siku hiyohiyo hata kama jibu ni kwamba humfahamu.

Namna ya kujua kama uhusiano uko hai ni kutazama anacholeta. Akikutumia tangazo la bohari la Kahama lililotumwa kwa watu wote, basi maelezo yako hayakuandikwa popote. Mpigie, mkumbushe kwa upole unachotafuta, na umtumie tena zile sentensi mbili. Akikupigia akaanza kwa kusema, “Dada, hii ni ya taarifa za fedha, iko mjini, lakini wanaanzia 4,800,000, nikupeleke au niiache?” basi ameyasoma maelezo yako, na sasa ni zamu yako kumpa jibu kabla ya kesho saa nne.